Kilo moja ya gesi ni sawa na kilo ngapi za mkaa? Pima mwenyewe jikoni kwako

Ubishi ulianzia kibarazani kwangu, Tandika. Jirani yangu mama lishe alikuwa kasoma mahali kwamba kilo ya gesi ina joto kama megajuli 46 na kilo ya mkaa ina 29, akapiga hesabu ya haraka: basi kilo ya gesi ni sawa na kilo moja na nusu na ushee ya mkaa, sasa kwanini nilipe zaidi ya elfu nne kwa kilo ya gesi wakati kilo ya mkaa naipata kwa buku jero? Na ukiangalia hesabu yake haina kosa. Namba ni za kweli, kugawanya kagawanya sawa. Ila kilichompita ni kwamba hizo namba zinakwambia joto lililopo ndani ya gesi au mkaa wenyewe, hazikwambii joto lililoingia kwenye sufuria, na tunachokula sisi ni kilichoiva kwenye sufuria.

Nikamwambia tupime. Tulitumia jumapili mbili, na hapa naweka namna tulivyofanya ili na wewe ufanye kwako, maana jiko lako sio jiko langu na upepo wa kwako sio wa kwangu.

Kwanza, kwanini namba zinatofautiana hivyo

Hili ni fupi lakini ukilielewa mengine yote yanakaa. Kinachoungua kwenye hivi vitu vyote ni kaboni na haidrojeni. Haidrojeni ndo yenye joto kubwa, kilo yake inatoa megajuli 120 hivi, kaboni inatoa karibu 33. Gesi ya kupikia (propani na butani) ni kaboni na haidrojeni tupu, hakuna kitu kingine mle, ndo maana inafika 46. Kuni yenyewe hata ikiwa kavu kabisa, karibu asilimia 44 ya uzito wake ni oksijeni, yaani ni kama imeshaungua nusu kabla hujaiwasha, na juu ya hapo ina maji. Kuni iliyokauka vizuri juani inabaki na kama megajuli 16 kwa kilo. Mkaa ni kuni ambayo tanuri limeshaifukuza maji na sehemu kubwa ya oksijeni, imebaki kaboni kwa wingi, ndo ikapanda mpaka 28 au 30. Mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa ni majani yaliyosagwa na tumbo la ng'ombe, kwa hiyo yanafanana na kuni, ila yana majivu mengi, mara nyingi robo ya uzito au karibu na hapo, na majivu hayaungui. Yanaangukia kwenye 12 mpaka 14.

Kwa hiyo kwenye karatasi kilo moja ya gesi ni kilo 1.6 za mkaa, kama kilo 2.9 za kuni kavu, kilo 3.5 za mavi makavu. Shika hizo, tutaona zinavyoharibika.

Vifaa

Mzani wa kidijitali unaosoma kila gramu 5 au 10 na unaobeba mpaka kilo 20 au zaidi, uwe wa kuweka chini kama unaweza. Ule wa kuning'iniza unaopimia mabegi unafaa kwa sufuria na mkaa, lakini mtungi wa gesi mimi sipendi kuuning'iniza. Sufuria moja, hiyohiyo kwa majaribio yote, na kifuniko chake. Lita 3 za maji. Saa ya simu. Kopo la bati lenye mfuniko unaobana, hili ni muhimu kuliko unavyodhani na nitarudi kwake. Na jaribio la mkaa na kuni lifanyike nje au barazani, sio chumbani umefunga dirisha, ule moshi usioonekana wa mkaa unaua.

Kazi ya kupima

Usipime "kupika" maana kila siku unapika tofauti. Chagua kazi moja. Sisi tulisema hivi: chemsha lita 3 mpaka zitokote, halafu ziendelee kutokota dakika 30. Inafanana na mwanzo wa safari ya maharage. Pima sufuria na maji kabla, pima tena mwisho, tofauti yake ni mvuke uliopaa. Hesabu ya joto lililoingia ni hii tu:

```
Q = (maji × 4.19 × ΔT) + (mvuke × 2260)
```

Maji na mvuke kwa kilo, ΔT ni nyuzi zilizopanda, jibu linatoka kwa kilojuli, gawa kwa 1000 upate megajuli. Maji ya bomba kwangu yalikuwa nyuzi 28, kwa hiyo kufika 100 ni kupanda nyuzi 72, na lita 3 zinahitaji megajuli 0.9. Hiyo 0.9 haibadiliki, uwashe gesi, uwashe mkaa, uwashe hata magunzi.

Gesi

Mtungi wangu ni ule wa kilo 6 wenye jiko juu, nimejaza kwa 25,000. Kabla ya chochote angalia shingoni mwa mtungi pamegongwa uzito wa mtungi mtupu, mara nyingi pameandikwa TW au TARE. Pima mtungi ukiwa umetoka kujazwa, bila jiko, toa ile namba, lazima ibaki kilo 6. Ikibaki 5.6 basi bei yako ya kilo sio unayoidhani, na urudi kwa aliyekuuzia kabla hujatumia, sio baada.

Pima mtungi na jiko lake, fanya kazi, zima, pima tena. Shida ni kwamba kazi moja inakula gesi kidogo sana na mzani unaoruka gramu kumi kumi utakudanganya, kwa hiyo rudia mara tatu na upime mwanzo na mwisho tu. Sisi mara tatu zilikula gramu 210, yaani 70 kwa kila moja. Maji yalitokota kwenye dakika 13, nikapunguza moto mpaka yakawa yanachezacheza tu, mvuke uliopaa ulikuwa gramu 350.

Sasa hesabu. Kupasha 0.9, mvuke 0.35 mara 2260 ni kama 0.8, jumla 1.7. Gesi iliyoungua 0.07 mara 46 ni 3.2. Kwa hiyo nusu na kidogo ya joto, asilimia 53, iliingia kwenye sufuria. Nyingine imepita pembeni.

Ukipata chini ya 45 kuna kitu. Angalia moto: ukiwa wa njano na sufuria inashika masizi, hewa haiingii vizuri, safisha matundu. Ukiwa wa bluu lakini unayumba basi ni upepo, sogeza jiko. Na kama moto unapanda mpaka unalamba mbavu za sufuria, umefungua sana, huo wa pembeni unapasha jikoni.

Mkaa, jiko la bati

Hapa ndo pana mambo, nenda polepole.

Nilinunua kisado kimoja kilichojaa kilima, mzani ukasoma kilo moja kasoro kidogo. Hii nayo ijue: kilo ya mkaa wa mti mgumu na kilo ya mkaa mwepesi wa mwembe zinakaribiana kwa joto, ila kisado hazilingani hata kidogo, mkaa mwepesi unajaa kisado ukiwa na uzito mdogo. Ndo maana watu wanasema "mkaa huu hauna nguvu". Nguvu unayo kwa kilo, ila wewe hukuuziwa kilo, uliuziwa ujazo.

Tukapima gramu 450, tukawasha kwa vijiti na karatasi. Mkaa ulipokolea, kabla ya kuweka sufuria, nikapima jiko lote tena: gramu 60 zilikuwa zimeshaondoka. Sehemu yake ni maji yaliyokuwemo kwenye mkaa, lakini sehemu kubwa ni mkaa ulioungua ukipasha hewa ya Tandika. Ndipo sufuria ikapanda. Ilitokota, dakika 30 zikapita, na hapa mama lishe mwenyewe akacheka maana maji yalikuwa yanatokota kama yanadaiwa, huna pa kupunguza, unaweza kufunga kale kamlango ka chini lakini jiko la bati limejaa matundu. Mvuke uliopaa: gramu 550.

Kazi ilipoisha mkaa mwekundu bado upo. Kwa koleo tukauingiza kwenye lile kopo la bati, tukabana mfuniko. Ukikosa hewa unazima wenyewe, na kesho yake ukiupima ni mkavu na unawaka haraka kuliko mpya. Zilibaki gramu 150. Zilizoungua ni 300.

Joto lililoingia kwenye sufuria: 0.9 jumlisha 0.55 mara 2260, jumla 2.1. Mkaa ulioungua: 0.3 mara 29 ni 8.7. Asilimia 25 hivi, robo. Sio mbaya kwa jiko la bati, wengi watapata 20.

Lakini sasa linganisha kazi na kazi. Gesi gramu 70, mkaa gramu 300. Kilo moja ya gesi kwa kazi hii ilikuwa sawa na kilo 4.3 za mkaa, sio 1.6.

Kuna kitu hapa watu wengi wanakiruka hata kwenye ripoti. Ukitumia asilimia peke yake (46 mara 0.53, halafu 29 mara 0.25) utapata uwiano wa 3.4. Kwanini kazi yenyewe ikatoa 4.3? Kwa sababu asilimia inauhesabu mvuke kama kazi iliyofanyika. Ule mvuke wa ziada gramu 200 umehesabiwa kama joto "lililoingia", na kweli liliingia, lakini haliivishi kitu. Maharage yanaiva kwa nyuzi 100, yakitokota kwa fujo bado ni nyuzi 100. Tofauti ya 3.4 na 4.3 ndo thamani ya ile knobu ya kupunguzia moto.

Na ukiuacha mkaa uliobaki uishie wenyewe, kama nyumba nyingi zinavyofanya, basi umetumia 450 zote na kilo ya gesi inakuwa sawa na kilo 6.4. Wanaomwagia maji wanaokoa mkaa lakini kesho wanatumia joto kuukausha, na jiko linapasuka.

Jiko la udongo

Tukarudia na jiko lililojengewa udongo ndani. Mvuke ulikuwa karibu uleule, lakini mkaa ulioungua ulikuwa gramu 220 baada ya kuokoa uliobaki. Asilimia 33. Sasa kilo ya gesi ni kilo 3.1 za mkaa.

Twende kwenye hela. Gesi kwa 25,000 kwa kilo 6 ni kama 4,170 kwa kilo, kwa hiyo gramu 70 ni shilingi 290 hivi. Mkaa wa buku jero kwa kilo: jiko la bati shilingi 450, jiko la bati bila kuokoa mkaa 675, jiko la udongo na kopo 330. Yaani kwa mama lishe jibu halikuwa "gesi au mkaa" tu, sehemu kubwa ya hela iliyokuwa inapotea ilikuwa inapotelea kwenye jiko lenyewe na kwenye mkaa aliokuwa anauacha uishe jioni.

Kwa bei za kwako, gawa bei ya kilo ya gesi kwa uwiano ulioupata. Kwangu 4,170 gawa kwa 4.3 ni kama 970, yaani kwa jiko la bati kilo ya mkaa ikishuka chini ya hapo mkaa unashinda kwa hela. Kwa Dar ni ngumu, ila ndugu yako aliye kijijini Kilosa karibu na tanuri anaweza kabisa kuwa na haki ya kukucheka. Ukinunua gunia usigawe bei kwa uzito wa gunia zima. Toa chenga na vumbi la chini kwanza. Gunia langu la mwisho lilikuwa kilo 60 kwa 75,000, chenga kilo 5, kwa hiyo bei halisi ni karibu 1,360 kwa kilo na sio 1,250.

Kuni

Mafiga matatu nje, mabanzi na matawi ya mkorosho yaliyokaa juani wiki kadhaa. Pima mzigo, chochea kama kawaida yako, mwisho pima zilizobaki. Kazi ileile ilikula gramu 950. Joto lake ni 15.2, lililoingia 2.1, asilimia 14. Kilo ya gesi sawa na kilo 13 na nusu za kuni. Namba hii inaonea kuni kidogo maana makaa yaliyobaki kwenye mafiga sikuyahesabu, ukiyaokoa itashuka.

Kwenye kuni adui ni maji. Kuni mbichi ambayo nusu ya uzito wake ni maji, ile kilo ina nusu kilo tu ya kuungua, na bado lazima uyachemshe yale maji yatoke, zinabaki megajuli 8 hivi. Kujua kuni yako ina maji kiasi gani, pasua kipande kutoka katikati (sio gome), kipime, kikaushe kwenye oveni nyuzi 105 hivi mpaka uzito uache kushuka, pima tena. Kilichopungua gawa kwa uzito wa mwanzo. Ukipata chini ya asilimia 20, sawa. Kama huna oveni, dalili ni mlio: kuni inayotoa sauti ya kuchemka na povu kwenye ncha haijakauka, usipimie hiyo halafu ukasema kuni ni mbaya.

Hata mkaa una hili, na masika ndo balaa. Chukua kilo, tandaza kwenye bati juani siku mbili, pima. Kwetu mwezi wa nne kilo ilirudi gramu 880, maana yake nilikuwa nimenunua gramu 120 za mvua kwa bei ya mkaa.

Mavi ya ng'ombe

Hili sikulipima, Tandika nitayatoa wapi, kwa hiyo hapa ni hesabu tu. Kwa moto wa wazi hufanya kazi kama asilimia 10, kwa hiyo 13 mara 0.10 ni megajuli 1.3 kwa kilo kwenye sufuria, dhidi ya 24 za gesi. Karibu kilo 19 kwa kilo moja ya gesi. Kwenye mikoa ya wafugaji ambako miti imekwisha watu wanayatumia, na India wanayakanda kama chapati na kuyabandika ukutani yakauke. Yanaungua polepole bila moto mkali, yanafaa kupasha maziwa taratibu, ila moshi wake sikutakii.

Kama unayo na unataka kujua ubora wake, choma kilo moja mpaka iishe kabisa na upime majivu. Ukipata gramu 200 ni kawaida. Ukipata 350 au 400, yaliokotwa na mchanga, na kila gramu ya mchanga imelipiwa na wewe uliyebeba. Kuni kwa kipimo hichohicho inaacha kama gramu 10 tu.

Mahali ambapo jaribio hili hukosea

Sufuria pana na sufuria nyembamba hazitoi jibu moja. Pana inakamata moto wa pembeni, kwa hiyo gesi ya mtu mwenye sufuria ndogo juu ya jiko kubwa itaonekana mbovu. Kifuniko, ama kiwepo kwenye majaribio yote ama kisiwepo kabisa, sisi tulikiweka. Na usilinganishe siku ya upepo na siku ya utulivu. Jumapili ya kwanza jioni tulipima gesi dirisha likiwa wazi upepo unaingia, ikala gramu 95 badala ya 70, tukabishana nusu saa kwamba mzani umeharibika mpaka mtoto akafunga dirisha.

Kitu cha mwisho alichonikamata nacho mama lishe, na ni cha kweli: maharage yake yanakaa jikoni masaa matatu, sio dakika 30. Tukapima na hiyo. Gesi ikiwa chini kabisa ilikula gramu 60 kwa saa, kwa hiyo masaa matatu pamoja na kuchemsha mwanzo ilifika kama gramu 220. Mkaa wa jiko la udongo, ukifunga mlango na kufunika juu kwa majivu, ulikula gramu 600 tu. Uwiano ukashuka mpaka 2.7, shilingi 900 za mkaa kwa 920 za gesi. Siku hizi chai na wali anapika kwa gesi, maharage yanabaki kwenye jiko la udongo, na lile kopo la bati kalitundika mlangoni.